Tiketi ya Bibi na Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Mzee anapokwenda harusini kwa treni peke yake, ndugu huhangaikia nauli, zawadi na mtu wa kumpokea. Tiketi yenyewe husomwa mara moja tu na kijana aliyeikata, kisha inafungwa kwenye pindo la kanga na mjadala unaisha. Naomba familia ziache desturi hiyo. Kosa linalomfanya mzee aachwe na treni mara nyingi huanzia hapo, na mara nyingi halimo kwenye jina wala nauli. Limo kwenye saa na tarehe.

Tiketi huandikwa kwa saa 24, na saa hizo huanza kuhesabiwa katikati ya usiku. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, halafu tunaanza upya linapotua. Tofauti ni saa sita. Saa za 07 hadi 18 kwenye tiketi, toa sita: 08:00 ni saa 2 asubuhi, 15:00 ni saa 9 alasiri. Kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane: 21:00 ni saa 3 usiku. Kuanzia 00 hadi 06, ongeza sita: 02:30 ni saa 8 na nusu usiku. Anayeiona 08:00 akaisoma kama saa 8 mchana atakuta reli tupu, kwa kuwa treni yake itakuwa imeondoka saa sita kabla.

Hilo familia nyingi zinalijua. Mtego wa pili haujulikani sana, na ndio unaowanasa hata waliosoma. Tarehe ya tiketi hubadilika saa 6 usiku, watu wakiwa usingizini. Katika mazungumzo yetu, siku haibadiliki mpaka kukuche: uliyelala Alhamisi unaamka Ijumaa. Wazee wetu wengi, hasa Waislamu, wana hesabu nyingine tena. Kwao siku mpya huingia na magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, ambao watu hukaa kusoma Yasini. Kwa hiyo tiketi inayosema Ijumaa 00:50 mjukuu anaweza kuisoma vingine na bibi vingine, na katika kisa ninachotaka kukisimulia, bibi ndiye aliyekuwa sahihi.

Ni bibi yangu mzaa mama. Anaishi Morogoro mjini, na mjukuu wake wa kike alikuwa anaolewa kijijini upande wa Urambo, mkoani Tabora. Nikaha ilipangwa Jumapili baada ya adhuhuri. Kwa njia ya Reli ya Kati, ile ya zamani ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, Urambo ipo magharibi ya Tabora, kabla ya Kaliua. Kutoka Morogoro hadi Tabora peke yake ni kama kilomita 640, na treni ya reli hiyo huchukua sehemu kubwa ya usiku na mchana mzima unaofuata.

Tiketi yake iliandikwa Ijumaa, 00:50. Mjukuu wa kiume aliyeikata aligeuza saa vizuri kabisa: saa 7 kasoro dakika kumi usiku. Akawatangazia watu wa nyumbani kwamba Bibi anaondoka Ijumaa usiku. Bibi aliuliza, "Usiku wa Ijumaa si huu wa leo Alhamisi?" Akajibiwa kwamba tiketi imeandikwa Ijumaa, asiwe na wasiwasi. Akanyamaza, maana wazee wengi wakiambiwa kwamba karatasi imesema hivi, huiachia karatasi.

Aliyeokoa safari alikuwa mtu wa mizigo pale stesheni. Alhamisi hiyo, alasiri, mjukuu alipeleka kiroba cha nazi ili ajue kilo zake na aulize gharama ya kukisafirisha kwenye behewa la vifurushi. Yule bwana akaomba aone tiketi ya abiria mwenye mzigo, akaitazama, akasema, "Kijana, mwenye tiketi hii anapanda leo. Hii ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kesho usiku utamleta hapa kupanda nini?" Vifurushi vya treni ya usiku huo vilikwisha pokelewa na kuandikwa. Mizigo yote sasa ingepanda na Bibi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu. Ukiona tiketi yoyote yenye saa inayoanza na 00, 01, 02, 03, 04 au 05, usiseme jina la siku moja. Sema siku mbili: "Alhamisi kuamkia Ijumaa." Sema hivyo kwa mwenye kusafiri, kwa mwenye pikipiki au bajaji ya kumpeleka stesheni, na kwa wanaompokea. Kisha liandike kwa maneno, kwa herufi kubwa, kwenye kipande cha karatasi kinachokaa pamoja na tiketi: UNATOKA NYUMBANI ALHAMISI BAADA YA SALA YA ISHA. Mzee hahitaji kujua 00:50. Anahitaji kujua atoke nyumbani lini. Halafu mpe tiketi mtu wa pili aisome bila kumwambia wewe umeelewaje, na kama majibu yanatofautiana, nenda stesheni ukaulize dirishani. Mzee akiuliza swali kama alilouliza Bibi, lichukue kama la mtu wa tatu aliyeisoma.

Kuna jambo dogo la kuongeza kwa walio kwenye njia hii. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya reli mpya, SGR, inafanya safari kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Stesheni yake ya Morogoro si ile ya reli ya zamani. Dereva wa bajaji akiambiwa "stesheni" tu, anaweza kumshusha mzee mahali ambapo treni yake haipiti. Mtajie ni ipi.

Turudi kwenye mizigo, maana hapo ndipo kosa la tarehe lilipouma. Bibi alikuwa amekusanya nazi 40 zilizofuliwa, mchele kilo 20 wa Kilombero, sufuria mbili kubwa zilizobebana, na begi la shangazi kaja lililojaa kanga za kutunza, mashuka na nguo zake mwenyewe. Mpango ulikuwa nazi na mchele viende kama vifurushi. Kwa kuwa muda haukuwapo, wajukuu walijaza nazi zote kwenye kiroba kimoja, wakakishona mdomo kwa kamba, wakaenda.

Nazi moja iliyofuliwa ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Arobaini ni kama kilo 24. Kijana anazibeba begani bila taabu nyumbani kwake, kwenye sakafu tambarare. Lakini mlango wa behewa la reli ya zamani uko juu, ngazi zake ni wima na nyembamba, na kwenye stesheni nyingi za bara jukwaa ni fupi kuliko treni, kwa hiyo mabehewa ya mwisho husimama kwenye kokoto. Pale mzigo hauburutwi, unanyanyuliwa mpaka usawa wa kifua na kupokewa na mtu aliye juu. Kipimo kizuri cha furushi la mzee, kwa hiyo, ni lile ambalo mwanamke mgeni aliyekaa naye anaweza kulinyanyua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chuma cha mlango. Kwa makadirio yangu ni kilo nane hadi kumi. Nazi 40 zingekuwa mafurushi matatu.

Kabla ya hapo, jiulize kama kitu chenyewe kina haja ya kusafiri. Nazi, ndiyo: Urambo si nchi ya minazi, na wali wa nazi wa harusini ulikuwa umesubiriwa. Mchele, hapana. Mkoa wa Tabora unalima mpunga, na sokoni mchele upo. Bibi aliubeba kwa mapenzi, na kumwambia mzee asibebe chakula cha kumfungulia mjukuu wake si jambo jepesi. Mimi ningempigia simu mama wa bibi harusi mbele yake, nimuulize kipi hakipatikani huko, ili Bibi asikie mwenyewe kutoka kwa mwenye shughuli.

Kila furushi lifungwe kitambaa cha rangi moja, kutoka kanga moja kuukuu iliyochanwa. Mabegi ya shangazi kaja yanafanana kote nchini, na usiku kwenye mwanga hafifu hakuna anayeona tofauti. Mzee asikumbuke maumbo, akumbuke idadi na rangi: vitano, vyekundu. Tiketi, kitambulisho, simu, dawa na fedha vikae kwenye kipochi kinachovaliwa mwilini, ndani ya nguo, visichanganywe na begi linalowekwa chini ya kitanda.

Wakati wa kukata tiketi, omba kitanda cha chini. Kwenye daraja la pili la kulala chumba kina vitanda vya ghorofa, na wanawake hupangiwa vyumba vyao. Mzee mwenye magoti mabovu akipewa cha juu atakaa mlangoni usiku kucha. Bibi alikuwa amepata cha chini, kwa kuwa mjukuu aliomba, na kwa hilo alifanya vizuri.

Lakini hakukifikia kwa muda mrefu. Treni iliingia Morogoro imechelewa kidogo, watu wengi wanapanda, na mchukuzi aliyelipwa kubeba mizigo alivisukuma vitu vyote kwenye mlango uliokuwa karibu. Bibi akapanda nyuma yake, akaketi juu ya kiroba cha nazi kwenye korido, treni ikaondoka. Kulipokucha, karibu na Gulwe, msichana mmoja mwanafunzi aliyekuwa akipita kwenda maliwatoni alimwamkia.

"Shikamoo, Bibi. Mbona umekaa huku?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekosa mahali."

Msichana aliomba aione tiketi, na Bibi akainua mkono akimwonyesha bila kuiachia. Namba ya behewa ilikuwa ya mbele huko, si hili. Msichana aliendelea kueleza jambo ambalo Bibi hakulijua: behewa walilokuwemo lilikuwa la Mwanza. Kwa miaka mingi treni ya njia hii imekuwa ikigawanyika Tabora, mabehewa mengine yakielekea kaskazini kwa njia ya Isaka na Shinyanga hadi Mwanza, mengine yakiendelea magharibi kuelekea Kigoma. Aliyelala kwenye behewa lisilo lake Tabora usiku huweza kuamkia mkoa mwingine. Ndiyo maana kwenye ile karatasi ya maneno makubwa iwepo pia namba ya behewa, na kabla ya kupanda mchukuzi aambiwe namba hiyo, arudie kuitamka. Malipo yake yapatanwe mapema, lakini alipwe mzigo ukishafika kitandani. Akishalipwa chini, kazi yake kwake imekwisha mlangoni.

Walihama Dodoma, ambako treni husimama kwa muda wa kutosha. Korido ni nyembamba, na kiroba cha kilo 24 hakikupita kati ya watu waliokaa chini na vitu vyao. Askari mmoja aliyekuwa likizo, ambaye Bibi hakumjua, alijaribu kukiinua akakishusha. Ndipo mama mmoja kutoka chumba jirani na cha Bibi kule mbele alipokata kamba, akatandika kanga yake, akahesabu nazi kumi, akafunga na kujitwika. Mwanafunzi akachukua kumi. Askari akabeba ishirini zilizobaki kwenye kiroba kile kile, kikiwa sasa nusu. Kazi ambayo mtu mmoja mwenye nguvu alishindwa ilikwisha kwa safari moja, kwa sababu mzigo uligawanyika. Ndilo jambo ninalotaka wajukuu wanaofunga mizigo walikumbuke: hufungi kwa ajili ya nguvu zako, unafunga kwa ajili ya mikono ya watu usiowajua.

Kuhusu watu hao usiowajua, kuna namna ya kuwategemea. Wengi tunawaonya wazee wetu wasizungumze na mtu, na onyo hilo halifuatiki kwa mtu mwenye mafurushi matano na safari ya usiku na mchana. Atahitaji msaada hata akatae. Bora afundishwe amchague nani. Kigezo ambacho mimi nakithamini kuliko vyote ni kituo anachoshuka huyo mtu. Mwanafunzi na askari walikuwa watu wema, lakini wote wawili walishuka Dodoma. Yule mama wa kanga alikuwa anakwenda Kigoma, mbali kuliko Urambo. Bibi alimuuliza swali hilo mapema, "Mwanangu, unashuka wapi?" na alipolisikia jibu akaamua kukaa karibu naye. Mtu anayevuka kituo chako hana sababu ya kushuka na begi lako, na atakuwepo kukuamsha na kukuteremshia mizigo. Anayeshuka kabla yako msaidiane, lakini mizigo isikae upande wake wakati treni inapunguza mwendo.

Mambo ya tiketi, behewa na kitanda yapelekwe kwa mkaguzi wa tiketi mwenye sare. Yule mama wa Kigoma alimwita mkaguzi, akamweleza kwamba Bibi alikuwa amekosea behewa, na mkaguzi akamtoa kijana aliyekuwa amejilaza kwenye kitanda cha chini. Mzee peke yake huona haya kuomba hivyo. Mshawishi aone kwamba kitanda alichokilipia si fadhila.

Chakula na kinywaji ni suala jingine. Wapo wanaowalewesha abiria kwa dawa na kuwaibia, na hawana sura maalumu. Kanuni ya kumfundisha mzee isiyomlazimu kumdharau mtu ni hii: anunue dirishani, mbele ya macho yake, kitu kilichopikwa hadharani au maji yenye kifuniko ambacho hakijavunjwa. Akikaribishwa juisi ya chupa iliyokwisha funguliwa, aseme amefunga au ana sukari. Saranda, chini ya mpando wa kwenda Manyoni, wauza kuku huja dirishani na treni nzima hununua. Hapo Bibi ndipo alipokula na mwenzake, kila mmoja kwa fedha yake.

Jioni walifika Itigi, usiku Tabora, ambako treni ilikaa huku mabehewa yakitenganishwa. Urambo ilikuwa mbele, na hesabu ya saa ikarudi tena, kwa sababu angeshuka baada ya saa 6 usiku, yaani usiku wa kuamkia Jumamosi. Wenyeji walikuwa wameambiwa "Jumamosi usiku". Yule mama alimshauri apige simu kutoka Tabora, ambako mtandao ulikuwa mzuri, na kumbe kweli mkwe wake alikuwa amepanga kuja stesheni kesho yake. Akaondoka nyumbani usiku ule ule na pikipiki mbili. Kama hakuna wa kuja, mzee asitoke nje ya stesheni usiku na dereva asiyejulikana. Amwone stesheni masta, akae ndani na abiria wengine mpaka kukuche. Mzee avae nguo nzito, kwa kuwa usiku wa bara kwenye miezi ya kiangazi una baridi ambayo mtu wa Morogoro haitarajii.

Bibi alishuka na mafurushi sita badala ya vitu vinne, yote yakihesabiwa kwa sauti dirishani na yule mama. Alifika na Jumamosi nzima ya kupumzika mbele yake. Nafasi hiyo ya siku moja isikatwe kwa ajili ya kuokoa muda. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata bonde la mto, na mvua kubwa zimewahi kukifunga zaidi ya mara moja. Harusi ikiwa wakati wa masika, acha siku mbili au tatu, au panga njia nyingine.

Tiketi ya kurudi isomwe siku hiyo hiyo inapokatwa, kwa utaratibu ule ule, na wenyeji wa kule waelezwe maana ya 01:00 na 02:00 kabla mgeni wao hajabaki peke yake nao. Mizigo ya kurudi itakuwa asali na karanga, maana hakuna anayeiacha Tabora bila asali. Ipimwe kwenye madumu ya lita tatu au tano, si dumu moja la ishirini, kwani lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na dumu kubwa litakaribia kilo 30. Dumu lisijazwe mpaka mdomoni, kwa kuwa asali hutanuka na joto la behewa. Kifuniko kiwekewe karatasi ya nailoni kabla ya kukazwa, na dumu lisimame ndani ya ndoo ili likivuja lisiharibu kanga alizotunzwa.